Fomu ya Maswali Kumi na Saba

Nina steshenari Mabatini, na kwa miaka mingi kazi yangu imekuwa fomu. Fomu za mikopo, za shule, za maombi ya kazi, za uhamisho, zote zimepita kwenye mashine yangu. Kwa hiyo kikundi chetu cha majirani kilipoamua kuandaa semina ya kuhudumia mgonjwa wa kitandani nyumbani, hakuna aliyeuliza nani atatengeneza fomu ya kujiandikisha. Macho yote yaligeuka kwangu, nami nikavimba kichwa.

Semina ilikuwa na mkufunzi mmoja, muuguzi mstaafu, mama mkali kidogo. Alitaka kufundisha kwa vitendo, watu watano au sita kwa kila kitanda, kikundi cha asubuhi na cha mchana, na vitanda tulivyoazima vilikuwa vitatu. Sharti lake lilikuwa moja: apate orodha ya watu thelathini ifikapo Alhamisi. Wasipotimia, Jumamosi hiyo angekwenda Magu, ambako kulikuwa na kikundi kingine kilichokuwa kinamsubiri. Sikumlaumu.

Aliyeihitaji semina hiyo kuliko sote alikuwa mama mmoja anayeuza nyanya Mkuyuni. Mume wake alipigwa kiharusi, na tangu arudishwe nyumbani analala chali, hawezi kujigeuza. Mama huyo ndiye aliyetupa wazo lenyewe. Alisimama kwenye kikao akasema, "Mimi namlisha na kumwosha, lakini sijui kama ninachofanya ndicho. Nani atanifundisha?" Tukaamua kumtafuta mkufunzi.

Fomu niliitengeneza mimi pamoja na mwenyekiti wa kikundi, mwalimu mstaafu kutoka Kagera. Sisi humuita Mwalimu tu. Mwalimu anapenda taarifa kamili kama wengine wanavyopenda chai ya maziwa.

"Weka majina matatu," alisema. "Tarehe ya kuzaliwa. Elimu. Kazi. Namba ya kitambulisho cha taifa. Barua pepe."

"Barua pepe, Mwalimu? Mama wa nyanya?"

"Kijana, taarifa haiozi."

Nami sikumzuia. Kusema kweli nilimuongezea. Niliweka hali ya ndoa, picha, na jina la mwenyekiti wa serikali ya mtaa, kwa sababu katika maisha yangu sijawahi kuchapa fomu isiyo na mwenyekiti wa mtaa. Mkono uliandika wenyewe. Yakatimia maswali kumi na saba, kila swali na ukurasa wake kwenye simu, na nikaona nimetengeneza kitu cha heshima.

Jumapili jioni nikatuma linki kwenye makundi ya wasapu. Programu niliyotumia inaonyesha wangapi wamefungua fomu, wangapi wameituma, na walioacha njiani wameishia ukurasa gani. Jumatatu mchana watu zaidi ya sitini walikuwa wamefungua. Waliotuma walikuwa wanne, na mmoja wao ni Mwalimu, ambaye hata hahudhurii.

Nilichanganyikiwa. Watu wanaitaka semina, wanafungua fomu, halafu wanasepa. Nikadhani ni namba ya kitambulisho, maana wengi hawatembei nayo kichwani. Nikaitoa. Nikatoa picha, kwa kuwa inakula bando. Nikatoa barua pepe bila kumwambia Mwalimu. Jumanne asubuhi idadi ikapanda kidogo, ikafika tisa, kisha ikagoma. Ila sasa niliona jambo jipya: karibu wote walioacha walikuwa wanaishia ukurasa mmoja, ule wa jina la mwenyekiti wa serikali ya mtaa.

Nilicheka peke yangu dukani. Nani Mabatini asiyemjua mwenyekiti wa mtaa wake? Tunamsikia kwenye kila msiba, kwenye kila usafi. Nikaona labda ni bahati mbaya tu, labda ni mahali ambapo mtu huwa amechoka. Basi nikalihamisha swali hilo, nikaliweka la mwisho kabisa. Nikangoja. Kufikia mchana watu walikuwa wanajibu yote vizuri, wanafika mwisho, wanakutana na mwenyekiti wa mtaa, wanaondoka. Swali lilihama, na watu wakahama nalo.

Hapo nilikuwa na uhakika mkosaji ni nani, lakini sikujua kosa lake ni nini. Ni swali rahisi kuliko yote! Niliwaza labda mwenyekiti ana ugomvi na watu. Niliwaza siasa. Nikampigia Mwalimu.

"Shikamoo Mwalimu. Watu wanamkimbia mwenyekiti wa mtaa."

"Marahaba. Anawadai nini?"

"Sijui. Wanafika kwenye jina lake, wanaacha fomu."

"Basi hawana nia," akasema Mwalimu. "Mwenye nia hujaza."

Nilikasirika, na hasira yenyewe sikujua niielekeze wapi. Nikaendelea na kazi za duka. Wiki hiyo kazi ilikuwa nyingi, hasa kutoa kopi. Watu walikuwa wanakuja na barua za serikali ya mtaa, zenye muhuri, nami naziweka kwenye mashine, naminya, nawapa. Barua za aina hiyo huwa sizisomi. Mtu akitaka kufungua akaunti ataambiwa alete barua ya mtaa, akitaka kumdhamini ndugu polisi ataambiwa hivyo hivyo. Nilifikiri wana mambo yao.

Jumatano kama saa saba na nusu mchana akaingia mama wa nyanya. Kanga yake ilikuwa na vumbi, na alikuwa anahema.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Nitolee kopi hii, halafu unisaidie jambo."

Nikaichukua barua, nikaiweka kwenye mashine, nikatoa kopi. Nilipomrudishia hakuipokea. Alikuwa ameshika simu yake mkononi, ile fomu yangu imefunguka kwenye ukurasa wa mwisho.

"Sasa hii barua naiweka wapi humu kwenye simu?" akauliza. "Nimebonyeza kila mahali."

"Barua gani, mama?"

"Si hii? Ya mwenyekiti."

Nikaisoma. *Yah: Utambulisho. Tajwa hapo juu ni mkazi wa mtaa wangu. Anaomba kushiriki semina.* Chini kulikuwa na sahihi na muhuri wa buluu.

Nilisimama nimeishika kama mtu aliyepewa mtoto wa mwenzake. Kikulacho ki nguoni mwako. Barua hizo nilikuwa nazitolea kopi tangu Jumanne, kwa mikono yangu, huku naumiza kichwa watu wanakwenda wapi. Walikuwa wanakwenda ofisi ya mtaa. Hapa kwetu jina la mwenyekiti halijawahi kuulizwa bure. Likitajwa kwenye fomu, maana yake uende ukatambulishwe. Hawakuwa wamekataa fomu yangu. Walikuwa wameitii.

"Mama, sikutaka barua," nikasema. "Nilitaka jina tu."

"Jina la nini sasa?"

Nikamwambia fomu zote huwa nalo. 

"Nimeifuata siku tatu," akasema, bila hasira, kama anayeeleza bei. "Jumatatu mwenyekiti alikuwa kikaoni, nikamngoja bure. Jana nilikuta foleni, wengi wa semina hii hii, ikafika mchana akafunga. Leo nimefika saa moja nikawa wa kwanza, lakini yeye amechelewa, amenisainia sasa hivi." Kisha akaniuliza kwa wasiwasi, "Lakini nafasi bado ipo?"

Nilimwandikisha palepale, kwa jina na namba ya simu. Barua aliiacha mezani. Alisema anawahi nyumbani.

Nilifunga duka, nikaenda kwa Mwalimu, nikaweka fomu mbele yake. Nilikuwa nimechoka kuwa mpole.

"Mwalimu, swali kwa swali. Kila moja uniambie jibu lake tutalifanyia nini. Tarehe ya kuzaliwa?"

"Kujua umri wao."

"Tukishaujua?"

Akaniashiria nifute. "Endelea."

"Hali ya ndoa?"

"Hiyo uliweka wewe," akasema, na alikuwa sahihi. Nilifuta huku nimeinama.

Tulifika mwisho tukiwa na vitu vitatu: jina unalotaka kuitwa, namba ya simu ya kukutumia ujumbe, na kikundi cha asubuhi au cha mchana, kwa sababu ya vitanda. Mwalimu alitaka namba moja iandikishe mtu mmoja. Nikamkumbusha kwamba wako mama na binti wanaotumia simu moja, akakubali. Yote yalitosha ukurasa mmoja. Juu kabisa tukaandika: *Maswali ni matatu. Huhitaji barua, kitambulisho wala picha. Ukimaliza utaona neno UMEPOKELEWA.* Namba za vitambulisho za wale waliokwisha kujaza nikazifuta, na baada ya semina tulikubaliana kufuta na namba za simu. Nikatuma linki mpya pamoja na ujumbe wa sauti wa kuomba radhi, na wale wachache ambao namba zao nilikuwa nazo nikawapigia mmoja mmoja.

Alhamisi asubuhi orodha ilikuwa na watu thelathini na wanne. Muuguzi akasema atakuja. Mwalimu alinipigia mwenyewe kunipongeza, nami nikajiona nimeokoa jahazi. Nakiri hilo. Nilitembea Mabatini nzima nikijisikia mtu.

Jumamosi, kikundi cha asubuhi, muuguzi alimlaza kijana mmoja kitandani, akamkunja magoti, akamgeuza ubavu kwa mikono miwili kana kwamba hana uzito.

"Somo la kwanza," akasema, "na mkisahau mengine yote msisahau hili. Asiyeweza kujigeuza mnamgeuza nyinyi, kila baada ya saa mbili. Mchana na usiku. Ngozi ikikaliwa muda mrefu, damu haipiti. Mtaona wekundu mgongoni, kiunoni, kwenye visigino. Mkibonyeza wekundu usipopotea, kidonda kimeshaanza."

Mama wa nyanya alikuwa mstari wa mbele. Akanyanyua mkono.

"Kipo," akasema. "Kiunoni. Ukubwa wa sarafu. Kimetokea wiki hii."

"Wiki hii? Kabla ya hapo?"

"Hakikuwepo. Sikujua masaa, lakini nilikuwa nampindua nikimlisha, nikimwosha, mara kwa mara. Wiki hii nilimwacha peke yake tangu asubuhi mpaka mchana. Siku tatu."

Muuguzi alimwangalia kwa upole ambao sikujua anao. "Bado kinazuilika. Usimlaze tena upande huo, na nitakuja kukiona. Lakini mama, ulikuwa wapi muda wote huo? Ulikuwa unafuata nini?"

Nilikuwa nimekaa mlangoni na orodha yangu ya watu thelathini na wanne, safi, bila kosa hata moja. Mama hakugeuka kunitazama.

"Barua," akasema. "Ya kuja hapa."