Sababu ya Mstari wa Mwisho

Kuruthumu binti Mrisho alifundisha darasa la tatu huko Mbuchi, na watoto wa darasa la tatu walimwogopa kuliko mwalimu mkuu. Alikuwa mfupi, mwenye sauti ya kuamshia watu alfajiri, na kwa hesabu za kujumlisha hakuwa na mpinzani katika kijiji kizima. Lakini hesabu za kidato cha nne zilikuwa zimemwangusha mara mbili. Somo la Kiswahili alipata, uraia alipata, hata Kiingereza alipenya. Hisabati ikabaki kumkodolea macho. Na chuo alichokitaka hakikupokea mwalimu asiye na Hisabati, wala aliyevuka miaka thelathini na mitano. Yeye alikuwa na thelathini na minne. Mtihani wa mwaka ule ndio uliobaki.

Ilikuwa ile miaka ya ruksa, maduka ya Kibiti yamejaa redio na mitumba, na kila mtu mwenye kitu cha kuuza anakiuza. Haidari alikuwa anauza alichonacho, nacho kilikuwa hesabu. Shirika lake la umma lilikuwa limempunguza kazini, naye akafungua tuisheni nyuma ya duka la vitambaa, mabenchi matatu na ubao mmoja uliopakwa masizi. Shule zilipofungwa Kuruthumu alipanda mtumbwi hadi Nyamisati, kisha lori hadi Kibiti, akafikia kwa shangazi yake Mwanasiti. Mumewe Nassibu, aliyekuwa akiuza kamba wa baharini kwa matajiri waliokuja na barafu, hakumzuia. Alisema tu kwamba anaona mkewe anapigana na duara, na duara halina pa kulishika.

Duara ndilo hasa lililomkera. Swali lilirudi karibu kila mwaka: thibitisha kwamba pembe zilizo katika kipande kimoja cha duara ni sawa, na andika sababu kando ya kila mstari. Mwenzake Ashrafu, mwalimu wa shule ya jirani, naye mtahiniwa na mwanafunzi wa Haidari kama yeye, alimpa dawa. Ashrafu alikuwa hodari wa kaswida, akaupa uthibitisho ule mahadhi ya maulidi, maneno yake ya Kiingereza yakapangika vizuri kama beti. Unganisha O na A, O na B. Pembe AOB ni mara mbili ya ACB. Sababu, pembe ya kitovuni ni mara mbili ya pembe ya ukingoni. Pembe AOB ni mara mbili ya ADB, sababu ileile. Kwa hiyo ACB ni sawa na ADB. Kuruthumu alikuwa amehifadhi juzuu kabla hajajua kushika kalamu, kwa hiyo beti nne hazikumpa taabu. Aliziimba akipepeta mpunga.

Katika jaribio la Agosti Haidari alichora duara kwa kamba na chaki, akaweka A na B, kisha akaweka C na D ukingoni upande ule mdogo, karibu karibu, juu kidogo ya uzi, yaani mstari unaounganisha A na B. Watu wengi hawakuona tofauti na mchoro wa kawaida, wenye C na D upande mkubwa. Kuruthumu aliimba kimoyomoyo, akaandika mistari na sababu kama wimbo ulivyo, akamaliza wa kwanza, akaweka kalamu chini kwa madaha. Alipata sifuri katika swali lile.

Alikasirika kweli. Alimngoja Haidari hadi wenziwe wakaondoka, akamwambia kwamba sababu zote zimeandikwa, tena kwa mwandiko mzuri, na kwamba mtu mzima hachezewi. Haidari hakubishana. Alimpa chaki, akamwomba aonyeshe ubaoni pembe AOB aliyoitaja. Akaionyesha, ile iliyo kati ya mistari miwili inayotoka kitovuni.

"Sasa itazame pembe ya C, mwalimu," Haidari akasema. "Imepanuka au imebana?"

Kuruthumu akakubali kwamba imepanuka, imepita pembe mraba.

"Basi mara mbili yake inapita nyuzi mia na themanini. Na hii uliyonionyesha kitovuni inafika huko?"

Haikufika. Hata mtoto wa darasa la tatu angeliona. Aibu ikampanda hadi masikioni. Haidari akamwambia polepole kwamba pembe za C na D zinaukalia upinde mkubwa wa AB, ule wa upande wa pili, kwa hiyo pembe ya kitovuni inayozihusu ni ile kubwa, inayozunguka nyuma ya O. Sababu aliyoandika ilikuwa ya kweli, ila ilikuwa ya pembe nyingine. Kisha akaongeza kwamba hata mstari wa mwisho hakuupa sababu, maana wimbo wa Ashrafu unaruka hapo.

Usiku huo hakuimba. Kuanzia kesho yake akawa anabadilisha herufi makusudi, anapindua duara, anaweka kidole juu ya mstari na kujiuliza ameupata wapi. Shangazi Mwanasiti alidhani mtoto wa kaka yake anaugua. Ilikuwa kazi ngumu na ya kuchosha, na mara nyingi alitamani wimbo wake umrudie.

Mtihani ulifanyika Novemba, kwenye madarasa ya sekondari moja hapo Kibiti. Ashrafu alikaa dawati la mbele. Swali la duara lilikuja, herufi P, Q, R na S, na R na S zimewekwa upande mdogo. Kuruthumu alikuwa amechelewa kwenye maswali mengine, saa inakwenda. Mkono wake ukaandika wenyewe: pembe POQ ni mara mbili ya PRQ. Akautazama mstari ule, akaitazama pembe. Hapana. Akaukata kwa kalamu, akachora upinde mdogo nyuma ya kitovu kuonyesha pembe kubwa, akaandika upya. Pembe kubwa POQ ni mara mbili ya PRQ; sababu, ya kitovuni ni mara mbili ya ile ya ukingoni, juu ya upinde mkubwa PQ. Tena pembe kubwa POQ ni mara mbili ya PSQ. Sababu hiyohiyo, upinde huohuo. Mara mbili ya PRQ ni sawa na mara mbili ya PSQ. Sababu, zote mbili ni sawa na pembe kubwa moja. Akaandika PRQ ni sawa na PSQ, akafungua mabano ya sababu, na msimamizi akasema kalamu chini. Karatasi ikachukuliwa na mabano yakiwa wazi.

Miezi iliyofuata aliiishi vibaya. Alifundisha, alipika, aliamia ndege shambani wasile mpunga, na mabano yale matupu hayakumtoka. Nassibu alimwambia nafasi moja tupu haiangushi mtu. Alimjibu kwamba yeye anauza kamba, aachiwe mambo yake. Kisha akamwomba radhi, kwa sababu alikuwa anaogopa.

Matokeo yalipofika Utete, makao ya wilaya, alikwenda mwenyewe. Karani wa elimu, kijana aitwaye Hilal, aliishusha rula juu ya orodha hadi kwenye namba yake, akasoma kwa sauti ya kazi: Hisabati, D. Kuruthumu akamwomba arudie. Karani akarudia. D ilikuwa ya kufaulu, na chuo kilikuwa kinaitambua.

Alishika ukingo wa meza kwa mikono miwili.

"Nusu za vitu vilivyo sawa ni sawa," akasema, kama anayeyajaza mabano yale.

Hilal aliinua uso akamuuliza amesemaje. Kuruthumu hakuweza kurudia, kwa kuwa alikuwa analia, na watu waliokuwa nyuma yake kwenye foleni wakaanza kumpa pole, wakidhani amefeli.