Kufuli la Mlango wa Nyuma

Dada yangu ni matroni wa bweni la wasichana, na wasichana wenyewe humwita Mama Kufuli. Mlango wa nyuma aliufunga kwa kufuli nene, na ufunguo ukaning'inia shingoni mwake usiku na mchana, hata akioga. "Miaka kumi na moja," hujigamba, "hajatoroka hata mmoja!"

Mimi ni seremala wa shule hiyohiyo, mdogo wake wa tumbo moja, na nilisema mpaka koo likanikauka: "Dada, watoto tisini na sita wamelala mahali pa hamsini, na kitanda kimekingama mlangoni. Niweke komeo linalofunguka kwa ndani bila ufunguo."

"Wewe endelea na randa yako," akanijibu. Haya, shauri yake.

Alasiri moja akaja afisa wa zimamoto kufanya zoezi la moto, mwanamume asiyecheka. Akawaingiza wasichana wote bwenini na kusema wasipotoka ndani ya dakika tatu, bweni litafungwa na wote warudi makwao. Mitihani ilikuwa wiki mbili mbele.

Akapuliza filimbi, akasimama mlango wa mbele. "Hapa pana moto. Hapapitiki."

Dada alikuwa nje, na ufunguo wake shingoni. Akataka kupenya.

"Mama, umeshaungua."

"Niungue mimi, na nasimama hapa nabishana na wewe?"

"Marehemu habishani. Kaa chini."

Jamani! Nilicheka mpaka nikashika ukuta. Dada akakaa kwenye nyasi, amenuna, marehemu wa kwanza kunitukana.

Mara wasichana wakatokea nyuma ya jengo, wamejipanga mistari. Nikakimbia kutazama mlango wa nyuma. Kitanda kimesogezwa, kufuli limefungwa vilevile, ila mlango umefunguka upande wa bawaba! Walichomoa pini kwa mpini wa kijiko. Nikarudi mbele kumwambia dada.

"Nani kawafundisha?" dada akafoka.

Kiranja akatazama chini. "Matroni, hata waliotutangulia walipitia hapo."

Miaka kumi na moja, mama wee! Dada akaushika ufunguo shingoni. Akaanza kuwahesabu. Tisini na watano. Akarudia. Tisini na watano.

Sikucheka tena. Dada alimpiga kikumbo afisa mlangoni, yeye na moto wake na marehemu wake, akaingia. Nikamfuata. Mtoto mgeni, wa juma la kwanza, alikuwa amesimama wima kando ya kitanda chake, ndala mkononi.

"Mwanangu, mbona hukutoka?"

"Ulisema atakayepita mlango ule bila ruhusa yako, utamfukuza."

Dada akamkumbatia, akalia kwa sauti, wala hakujali nani anamwona.

Afisa alifunga bweni palepale. Mwalimu mkuu akaomba walale ukumbini, afisa akakubali, kwa kuwa una milango minne na yote hufunguka kuelekea nje. Tulihamisha vitanda mpaka jua likazama.

Kabla ya kuzima taa, dada akasimama katikati yao. "Nisikilizeni. Siku ya moto, msiningoje mimi. Hata nikisema kaeni, tokeni."