Usivae Pete

Watu hawasomi. Mimi ni afisa utumishi katika kiwanda cha kukamua alizeti hapa Singida, mwaka wa tisa sasa, na kila mtu tunayemwajiri namtumia ujumbe kwenye simu siku chache kabla hajaanza kazi. Naandika kila kitu: saa ya kufika, nguo za kuvaa, vyeti vya kuleta. Halafu Jumatatu anakuja mtu na kandambili. Mwingine aliniletea picha za vyeti kwenye simu, na simu yenyewe imeisha chaji. "Madam Winfrida, sikujua." Hujui nini wakati nimekuandikia?

Kwa hiyo Antipasi aliponipigia Ijumaa, kwanza nilifurahi. Huyu alikuwa amesoma.

Tulimchukua aje kuhudumia mitambo ya kukamulia. Ni mtu wa Kiomboi, umri wake miaka hamsini na miwili, na mashine anazijua kwa kuzisikiliza tu. Ujana wake aliumalizia Sekenke kuchimba dhahabu, akatoka huko bila utajiri, akageukia kutengeneza mashine za kusaga. Kinu alichokuwa akikihudumia kiliuzwa, akakaa miezi minane bila kazi, mpaka yeye na mkewe wakahamia mjini na kupanga chumba nyuma ya kiwanda chetu. Hayo aliyasema kwenye usaili bila kujionea huruma, ndiyo maana tukampenda.

Ujumbe niliomtumia Alhamisi ni huu:

"Habari ndugu Antipasi. Karibu sana kiwandani. Utaanza kazi Jumatatu. Fika getini saa 1:30 asubuhi, umuulize Winfrida. Saa 2:00 kamili ni mafunzo ya usalama. Asiyekuwepo, nafasi itakwenda kwa mtu wa akiba. Vaa suruali ndefu isiyopwaya na viatu vya kufunika vidole. Ovaroli na kofia ngumu utapewa. Usivae pete, saa, cheni wala bangili. Njoo na vyeti halisi na nakala zake, kitambulisho cha NIDA, namba ya NSSF kama unayo, TIN, namba ya akaunti ya benki, picha mbili za pasipoti, barua ya serikali ya mtaa na barua za wadhamini wawili. Ukiwa na swali, piga namba hii."

"Shikamoo baba," nilimwambia alipopiga.

"Marahaba. Madam, nimeusoma wote. Barua ya mtaa ninayo, wadhamini wamesaini, viatu vipo. Sasa hapo pa pete."

"Hapo pana nini?"

"Haitoki. Ina miaka ishirini na sita kidoleni."

"Jaribu sabuni, baba. Au mafuta."

"Kidole hakijakubali. Na mama naye hajakubali."

Nilimwambia, kwa ukali ninaouonea haya sasa, kwamba sheria ya chumba cha mitambo haimuulizi mke wa mtu. Akasema, "Nimeelewa, Madam," akakata simu. Siku mbili zile nilikuwa nikikumbuka sauti yake hata nikiwa napika.

Jumatatu saa moja na dakika tano Mselemu, mlinzi wetu, akanipigia. "Madam, mzee wako mpya kafika. Kaja na mkewe. Huyu mama nimwandike mgeni au mfanyakazi?"

"Waruhusu wote waje."

Antipasi aliingia na bahasha, viatu vimeng'arishwa. Nyuma yake Kristina, mama mfupi, kitenge kipya, mkoba kwapani. Tukasalimiana vizuri, nikamwamkia, akaitikia. Kisha akaniuliza, "Ni wewe uliyeandika ule ujumbe?"

"Ni mimi, mama."

"Umeolewa?"

Nikasema ndiyo.

"Na pete umevaa. Naiona."

Hasira zikanipanda, maana alikuwa na haki. Nikamweleza kwamba mimi nakaa na makaratasi, mume wake atakaa na mikanda inayozunguka. Kristina akasema hiyo pete si ya dukani. Dhahabu yake Antipasi aliichimba mwenyewe Sekenke, chembe kwa chembe, miaka miwili. Wenzake waliuza na kunywea. Yeye akampelekea sonara wa hapa mjini, zikatoka pete mbili, wakafunga ndoa kanisani Kiomboi.

"Yangu niliiuza mwaka jana alipokosa kazi," akasema. "Tumebaki na hiyo moja. Ndiyo sababu."

Antipasi akaangalia viatu vyake. Nyaraka zake nilizipitia moja moja, zote zipo, zimepangwa kama nilivyoziorodhesha. Saa moja na dakika arobaini. Mtu wa akiba, kijana mmoja wa Mkiwa, alikuwa ameshanitumia ujumbe mara mbili kuuliza kama aje.

Nikamwita Raymond, msimamizi wa mitambo. Akaja, akaitazama pete, akasema, "Tuikate. Nina msumeno mdogo."

Kristina akasimama kati ya Raymond na mumewe. Alisema maneno kwa Kinyiramba ambayo mimi sikuyaelewa, ila Antipasi aliyaelewa, maana alimshika mkono na kusema, "Mama, basi. Kazi nyingine zitapatikana." Akachukua bahasha yake mezani.

Roho iliniuma. Miezi minane bila kazi, na alikuwa anaiacha hii kwa upole vile.

Ndipo Raymond akavua glavu ya mkono wa kushoto, ambayo huwa haivui hovyo, akauweka mkono juu ya meza yangu. Kidole cha pete hakipo.

"Kiwanda kingine, mbali na hapa," alisema. "Mama, pete yangu ilipatikana. Nzima, haina hata mkwaruzo. Mke wangu anayo kwenye kabati."

Kristina aliutazama ule mkono. Kisha akakaa, akafungua mkoba. Mimi nilidhani anatafuta leso. Akatoa buruji ya uzi. Kumbe ni fundi cherehani.

"Leta mafuta," akaniamuru.

Mafuta ya alizeti kiwandani kwetu! Yalikuja ya kutosha hata kuogea. Akapitisha ncha ya uzi chini ya pete, uliobaki akauzungusha kidoleni, ukibana, kutoka kwenye pete hadi kupita kifundo. Antipasi akakunja uso. Kisha Kristina akaanza kuuvuta kwa ile ncha ya chini, uzi ukifunguka mzunguko kwa mzunguko, na pete ikipanda nao polepole. Ilipofika kwenye kifundo wote tuliinama kuitazama. Raymond akawa anasema, "Twende, twende," kama anayeshangilia mpira.

Ikatoka. Kidoleni palibaki mfereji mweupe. Kristina akaibusu pete, akaifunga kwa uzi uleule shingoni mwake, akamsukuma mumewe mgongoni. "Nenda, utachelewa."

Saa mbili kasoro dakika tatu. Nilimkimbiza Antipasi hadi kwenye mafunzo mimi mwenyewe, na viatu vyangu vya kisigino.

Saa kumi jioni, zamu ilipotoka, Mselemu akanipigia tena. "Madam, yule mama yuko getini." Nikachungulia dirishani. Antipasi alikuwa amenyoosha mkono, vumbi la mashudu hadi kwenye nyusi, na Kristina anamvisha pete. Wenzake walipiga vigelegele kama harusini. Kesho yake Kristina alikuwepo tena, na kesho kutwa. Mpaka leo. Asubuhi anamvua kwa uzi, jioni anamvisha.

Ujumbe wangu wa kuwakaribisha wafanyakazi sijaubadilisha, isipokuwa sehemu moja. Baada ya "Usivae pete" nimeongeza: "Kama ni ya ndoa na haitoki, usiikate. Njoo na aliyekuvisha."