Mpasua-Maji wa Mdomo wa Rusizi

Kwa miaka mingi rafiki yangu, fundi magari wa mtaa wa Buyenzi, aliniita mwongo mbele ya watu tuliokunywa nao kahawa. Nilikuwa nimeeleza kwamba mahali mto Rusizi unapoingia ziwani yupo ndege, mpasua-maji, ambaye taya lake la chini limelizidi la juu kwa urefu, naye huruka akilipitisha ndani ya maji mpaka liguse samaki.

"Ah, Shefu," alisema, "hiyo ndege iko mu makaratasi ya bureau yenu tu. Huku inje hatuyionake."

Watu walicheka. Mimi sikucheka. Nilitumikia serikali hadi kustaafu bila kutia sahihi chini ya jambo nisilolishuhudia, na sikuona kwa nini nianze uongo kwa ndege.

Kiangazi kilipokaribia kwisha, rafiki yangu akatangaza kwamba anahamia Kigoma kwa binti yake, moja kwa moja. Nilishtuka. Mvua zikianza milimani, mto hupanda, mafungu ya mchanga wanapopumzika ndege hao huzama, nao huondoka. Kama angesafiri bila kuona, basi huko Kigoma ningebaki mwongo mpaka kufa. Nikamwalika.

Mpango tuliupanga barazani kwangu, mtaa wa Mutanga Nord, pamoja na kiongozi wetu, mwanamke wa Gatumba anayewapeleka wageni kutazama ndege. Alishauri tuanze na mchanga, kwa kuwa mpasua-maji huvua alfajiri, mwanga ukiwa hafifu na maji yametulia. Matete na mafunjo yangefuata jua likishapanda. Tungekaa ukingo wa mashariki, ili jua litoke nyuma yetu lisitupige machoni.

"Na swala yangu?" akauliza fundi.

Nilimjibu kwa ukali kwamba ratiba ni ratiba. Kiongozi akanikatiza kwa upole. "Muzee, atasalia palepale. Iko fasi safi, mbali na njia ya viboko."

Asubuhi ya safari fundi alikuja amevaa kanzu nyeupe inayong'aa kama taa, ingawa tulikuwa tumeagizwa tuvae rangi za udongo. Kiongozi akamvika koti lake la kijani na kumwonyesha darubini: kwanza umtafute ndege kwa macho matupu, kisha uinue darubini bila kuyaondoa macho kwake.

"Na mudomo?" fundi akauliza.

"Mudomo unaufunga, Hadji. Na mukono usinyooshe."

Tulitembea polepole, mmoja nyuma ya mwingine, kiongozi akisikiliza kwanza kila tulipokaribia maji, maana saa hiyo viboko wanarudi mtoni. Tulipofika, weupe wa alfajiri ulikuwa umeanza kuingia angani. Fundi akatandika mkeka nyuma ya matete mafupi, akaelekea kibla, kaskazini. Mto ulikuwa kushoto kwake. Akakabidhi darubini kwa kiongozi na kuanza.

Hapo ndipo ndege alipokuja.

Alitoka upande wa ziwa, chini kabisa, mgongo mweusi, tumbo jeupe, mabawa marefu yakipiga juu juu tu yasiguse maji. Mdomo wake mwekundu ulichora mstari mmoja juu ya mto, ulionyooka, na mstari ule ukabaki ukimeta nyuma yake. Sikusikia hata sauti ya bawa. Nilikuwa nimemwona zamani, kwa mbali, mchana. Sikuwa nimewahi kumwona hivi.

Na fundi alikuwa amesujudu.

Nilifungua kinywa. Miaka yote ile ya kuchekwa ingeisha. Neno moja tu lingetosha. Kiongozi akaniwekea mkono begani. Hakuhitaji kunieleza: neno hilo lingekata swala ya mtu na kumfukuza ndege, kwa pamoja. Nikafunga kinywa. Ndege akapotea kwenye kona ya mto.

"Hufuata mustari wake," kiongozi akaninong'oneza. "Pengine atarudia."

Tukasubiri. Mashariki, milima iliyo juu ya jiji letu ilianza kupata ukingo mwekundu. Fundi aliketi tahiyatu, kikao cha mwisho cha swala, kidole kimenyooka, na mimi, mtu wa ratiba, nilijikuta nikiomba asiharakishe.

Ndege akarudi. Fundi akatoa salamu upande wa kulia, kuelekea milimani. Kisha akageuza uso kushoto.

Wapasua-maji walikuwa wawili sasa, mmoja nyuma ya mwingine, juu ya mstari uleule, midomo ndani ya maji, karibu kiasi kwamba hatukuhitaji darubini. Fundi alibaki vivyo hivyo, shingo imegeuka, midomo yake imemaliza salamu lakini haijafungika. Wakapita. Viwimbi viwili vyembamba vikafika ukingoni, miguuni petu.

Nilikuwa nimeandaa hotuba. Nikainama kumwambia walau sentensi yake ya kwanza.

Akanishika kiwiko cha mkono, macho yakiwa bado mtoni.

"Nyamaza, Shefu," akanong'ona. "Zinarudi."