Mjane wa Zachary ni Mmoja

Si kweli kwamba Zachary aliacha wajane wawili. Anayesema hivyo analitukana kaburi la mume wangu. Everline ni mpishi wangu. Mafuriko yalipochukua shamba lao Kilelengwani, alikuja Garsen kuomba kazi hotelini kwetu, nami nikampa, Zachary akiwa ameshazikwa. Anapika kambare wa nazi vizuri. Hilo silikatai.

Nisilolipenda ni wateja kuipita meza yangu na kuchungulia jikoni.

"Everline! Leo kichwa cha nani?"

"Cha anayelipa kwanza!"

Hoteli nzima hucheka. Mimi hawaniulizi hata chumvi. Siku moja Roba, mfanyabiashara wa ng'ombe, aliniamkia kwa adabu, kisha akauliza, "Mwenye hoteli yupo, mama?"

Nikajua ni lile tangazo letu katika gazeti la mjini. Lilikuwa na picha ndogo ya Everline ameshika sufuria, na maneno "Kwa Mama".

Nikamwandikia mhariri, Nuh, kwa simu: "Tangazo la Hoteli ya Zachary lirudiwe na mabadiliko haya. Jina la hoteli liwe juu, kwa herufi kubwa. Namba ya simu ya zamani ifutwe, iwekwe hii ninayoandikia. Badala ya 'Kwa Mama' iwe 'Kwa Mjane wa Zachary'. Picha ya Everline, toa."

Akajibu kwamba wanafunga kurasa, hakuna muda wa kunitumia sampuli. Nikamwambia achape tu.

Gazeti likaja. Jina lilikuwa juu, namba sahihi. Everline amejaza nusu ukurasa, anacheka, na chini ya kidevu chake: "Kwa Mjane wa Zachary".

Nikampigia Nuh. "Si nilikuambia utoe picha?"

"Nimeitoa, mama. Tena kwa rangi."

"Kutoa ni kuondoa!"

"Kwetu gazetini kutoa ni kuchapa. Ungeandika 'ondoa', mama."

Mimi, niliyefundisha Kiswahili sekondari!

"Usijali," akasema. "Toleo lijalo nitaeleza kwamba ulitaka picha ya Everline iondolewe."

Ili Garsen yote ijue nagombea sura na mpishi wangu? Nikakata simu.

Everline alitoka jikoni, gazeti mkononi. Alikuwa ameiangalia picha tu. "Mama, ndugu zangu wa Chara wamepiga simu, wanashangilia. Asante kwa kunitoa."

"Kumbe mko wawili!" Roba akadakia kutoka mezani kwake. "Marehemu alikuwa mwanamume!"

Wakacheka. Everline akasoma yale maneno, akalikunja gazeti, akarudi jikoni.

Nikamwandikia Nuh upya, safari hii nikipima kila neno: "Masahihisho yaseme hivi tu: Mjane wa Zachary ni mmoja, jina lake Hulda. Aliye pichani ni Everline, mpishi wa hoteli. Picha ibaki ilivyo."

Imechapwa hivyo. Sasa wananiuliza kwa nini nilimwacha Everline abaki gazetini. Hilo ni langu, na sitalieleza.