Maandishi Yaliyonisubiri

Mdogo wangu aliponiomba niwe msimamizi wake kanisani siku ya harusi yake, na nizungumze ukumbini, nilimwambia atafute mtu mwingine. Nina kigugumizi tangu utotoni. Kazini kwangu, shamba la maua Usa River, napanga mawaridi kwenye chumba baridi, na huko siku inaweza kuisha bila kuongea. Alisema hataki mtu mwingine.

Nikaandika hotuba, nikapakua kwenye simu programu ya kusomea, ile inayopandisha maandishi taratibu kama wanavyosoma watangazaji wa taarifa ya habari. Jioni niliiegesha simu kwenye mgomba nyuma ya nyumba, nikaanza. Nilipokwama kwenye neno “bwana”, maandishi yaliendelea. Nilipolitoa, aya nzima ilikuwa imepita. Nikapunguza kasi, lakini sasa pale nilipoongea vizuri ndipo yaliponichelewesha.

Nilipomsimulia dada mmoja ninayefanya naye kazi, aliniuliza kama nimeona sehemu ya programu inayofuata sauti ya msomaji. Alifungua mipangilio, akachagua Kiswahili, akaruhusu simu isikilize. Kuanzia hapo maandishi yalisogea niliposoma na kusimama nilipokwama. Nilipolivuka neno, mstari ukapanda. Sikuwahi kusubiriwa namna ile bila mtu kunitazama usoni. Kulikuwa na programu nyingine ya mazoezi, iliyohesabu kila niliposimama na kuniambia nipunguze kusita. Niliifuta.

Ukumbini niliiweka simu juu ya meza ya kuzungumzia. Aya mbili zilikwenda vizuri, watu wakacheka, na wapiga matarumbeta wakadhani nimemaliza. Wakapiga. Simu haikuweza kuitofautisha sauti yangu na kelele ile, maandishi yakasimama. Walipotulizwa, nikayasukuma kwa kidole, yakaruka hadi mwisho. Nilijaribu kurudi, nikapotea.

Nikainua macho. Nilianza kumkaribisha bibi harusi nyumbani kwetu, nikakwama kwenye “karibu”. Ukumbi mzima ukasubiri. Sikukimbilia neno jingine. Likatoka. Nikawatakia amani, nikaketi. Nilikuwa nimeacha karibu nusu ya hotuba.

Wiki iliyofuata mdogo wangu aliniomba maandishi yote. Nikamtumia. Katika nusu iliyobaki nilikuwa nimeeleza jinsi alivyopigana na wavulana wawili walioigiza kigugumizi changu njiani akitoka shule, bila kujua kwamba nilikuwa nyuma yake, akarudi nyumbani shati limechanika, akamwambia mama ameanguka. Sikuwahi kumwambia kwamba niliona.

Alinipigia baada ya muda mfupi.

“Kaka,” akasema, “afadhali sehemu hii hukuisoma pale.”

Nikamuuliza kwa nini.

“Ningelia mbele ya wakwe.”

Kisha akaniuliza kama mama anajua. Nikamwambia hapana.

Akaniomba mimi ndiye nimwambie.

Nilimwambia mama Jumapili, baada ya ibada, tukiwa tunamenya ndizi. Nilikwama mara tatu. Aliendelea kumenya mpaka nikamaliza, ndipo akaweka kisu chini.