Kitako Usikitie Majini

Pale ofisini walimwita Mama Nukta, kwa sababu kitabu kikishapita mikononi mwake kimekwisha, hakuna wa kuongeza neno. Ofisi yenyewe ilikuwa vyumba viwili juu ya duka la vyombo vya umeme. Kazi yao ilikuwa kupokea vitabu vya maelekezo vilivyotafsiriwa na kompyuta, kuvinyoosha, kisha kuvirudisha vikiwa Kiswahili cha watu. Mama Nukta ndiye aliyekuwa msomaji wa mwisho. Meza yake ilikuwa dirishani na kiti chake kilikuwa na mto alioushona mwenyewe. Kwa miaka mingi hakuwahi kuwaza kwamba kiti kile kinaweza kukaliwa na mtu mwingine.

Mpaka alipokuja wifi yake.

Wifi alikuwa mdogo wa mwisho wa mumewe, ametoka chuo karibuni, na alifikia kwao mpaka apate pa kushika. Mumewe ndiye aliyembembeleza: mama watoto, mtafutie hata kazi ya kushikashika hapo kwenu. Akamtafutia, na akajuta kabla wiki haijaisha. Wifi alikuwa na kicheko chepesi kinachofungua milango. Bosi, ambaye kwa kawaida hupita kama mtu anayekimbia mvua, alianza kusimama mlangoni kusikiliza vichekesho vyake. Nyumbani nako binti yake wa darasa la sita, aliyekuwa akimletea mama madaftari kila jioni, sasa alipita moja kwa moja hadi kwa shangazi. Mama Nukta alikuwa akimenya vitunguu huku akiwasikia wanacheka chumbani, na machozi yakimtoka alimshukuru Mungu kwamba vitunguu vipo.

Kisha bosi akasema neno lililomnyima usingizi. Kampuni moja inayotengeneza sufuria za umeme za presha ilileta kitabu chake, na nyuma yake vilikuwa vinakuja vingine vingi. Bosi alitaka wifi akishughulikie chote, Mama Nukta amfundishe. Kikitoka safi, wifi angekuwa msomaji wa mwisho wa vitabu vya kampuni ile.

"Wewe ungepumzika kidogo," bosi akamwambia, kwa sauti ya mtu anayegawa zawadi.

Mama Nukta alikwenda kuuweka sawa mto wa kiti chake, ambao ulikuwa sawa.

Kitabu kilikuwa kichaka. Kompyuta haijui ngeli. Kila kitu kwake ni "i" na "ya". Mpira ya kifuniko. Maji isizidi alama. Subiri mvuke yote itoke. Ita fundi iliyoidhinishwa. Wifi alicheka mpaka akashika mbavu, kisha akafanya kosa ambalo kila mgeni wa kazi hii hulifanya. Aliona "ya" nyingi mahali panapotaka "cha", akaiamuru kompyuta ibadilishe zote kwa mkupuo. Mama Nukta alipofika na chai, ukurasa wa kwanza ulisema "maji cha moto" na "baada cha kupika".

"Hongera, wifi," alisema. "Umeipita kompyuta kwa kuharibu."

Alilisema hilo kwa raha iliyomshangaza mwenyewe. Lakini bosi alikuwa anawaangalia, basi ikabidi afundishe kweli.

Akavuta kiti, akafungua upya kitabu kilivyokuja. Kwanza, alimwambia, usiguse kitu kabla hujamjua mwenye nyumba. Kila sentensi ina jina linalotawala, na maneno mengine ni wapangaji wake. Soma hii: "Kishikio cha sufuria ya ndani imelegea." Nani amelegea? Wifi akasema sufuria, maana ndiyo iliyo karibu na kitenzi. Hapana, sufuria imepita tu njia. Kilicholegea ni kishikio. Pigia mstari kishikio.

Pili, mpime mwenye nyumba kwa "hiki" au "huu", na umwite katika wingi. Kishikio hiki, vishikio hivi. Mpira huu, mipira hii. Ukisita, sema kwa sauti, sikio lako litakukataza. Lakini mtu na mnyama usiwapime kwa umbo. Fundi hana "m" mbele, lakini ni mtu, basi ni fundi aliyeidhinishwa, mafundi walioidhinishwa.

Tatu, wafuate wapangaji wote, mmoja mmoja, mpaka nukta. Alimwonyesha sentensi iliyosema "Kifuniko ambayo imepasuka isitumike." Ukibadilisha "ambayo" ukaondoka, umeacha wawili nyuma. Ni kifuniko ambacho kimepasuka kisitumike. Na kile kiungo cha "ya" na "cha" humtii aliye kabla yake, si anayefuata: mpira wa kifuniko, kifuniko cha sufuria.

Wifi alishika haraka mno. Hilo ndilo lililomuuma Mama Nukta kuliko cheko. Kabla ya chakula cha mchana alikuwa anasahihisha bila kupiga mstari: maji yasizidi, mvuke wote utoke, na wakati mwingine aliliona kosa kabla kidole cha Mama Nukta hakijalifikia. Bosi akapita, akachungulia, akasema huyu binti ana jicho. Mama Nukta alijaribu kukumbuka lini mara ya mwisho mtu alilisifu jicho lake. Hakukumbuka. Nani huisifu meza kwa kuwa na miguu?

Kulikuwa na hatua moja iliyobaki. Kuna vijineno vinavyomtaja mtu asiyekuwepo katika sentensi, kama vile "usiiweke" au "ifute". Hapo mwenye nyumba yuko kwingine, na usimkisie kwa kuchukua jina la karibu. Ni lazima urudi kwenye kitabu cha asili, utazame na picha zake, ujue kinachosemwa ni nini hasa, ndipo uchague silabi. Mama Nukta aliijua hatua hii kama anavyoujua mlango wa nyumba yake. Wifi alipouliza kama kuna jingine, alifunga kalamu yake.

"Ndiyo hayo tu," alisema. "Ukishamjua mwenye nyumba umemaliza."

Ijumaa wifi alikuwa amemaliza. Pale ofisini kuna desturi: kitabu hakitoki kabla hakijajaribiwa na mtu asiyekijua chombo. Mmoja anasoma, mwingine anatenda anachosomewa, hicho tu, na msomaji haruhusiwi kueleza wala kunyoosha kidole. Kwa kuwa ofisini hakuna karo la kuoshea vyombo, chombo hupelekwa nyumbani. Wifi alimchagua kaka yake, mume wa Mama Nukta.

Jumamosi mchana wakajaa jikoni. Sufuria ilikuwa mezani, mpya inang'aa, mali ya kampuni: kitako chenye waya na vidude vya kupashia moto, sufuria ya ndani, kifuniko na mpira wake. Mumewe alikunja mikono ya shati kama daktari. Binti alikaa juu ya gunia la mchele kuangalia. Mama Nukta alisimama karibu na karo, mkono kiunoni, akisema moyoni kwamba yeye si msomaji wala mtendaji, ni mwenye jiko tu.

Mambo yalikwenda vizuri kupita alivyotarajia. Kifuniko kilifungwa, maji hayakuzidi alama, mvuke wote ukatoka. Mumewe alikuwa akitabasamu kila ukurasa. Alisema vitabu vya kampuni nyingine huvisoma kama mtu anayetafuna mchanga, lakini hiki kinateleza. Aliyekiandika ana kichwa. Kisha akamgeukia mkewe: "Mama watoto, huyu amekurithi."

Amekurithi. Kama vile yeye ameshafukiwa.

Waya ukachomolewa, chombo kikaachwa kipoe, wifi akafungua ukurasa wa kusafisha. Mama Nukta aliikumbuka sentensi ile. Kwenye tafsiri ya kompyuta iliandikwa "usiiweke ndani ya maji", na katika kitabu cha asili, pembeni ya maneno hayo, kulikuwa na picha ya kitako imekatwa kwa msalaba mwekundu. Akasubiri.

"Futa mpira kwa kitambaa chenye unyevu," wifi alisoma. "Usiuweke ndani ya maji. Osha sehemu zinazobaki kwa maji ya sabuni."

Hapakuwa na kosa la ngeli hata moja. Mpira, usiuweke, ungemsomea mwalimu yeyote angekupa vema. Mumewe akafuta mpira, akauweka kando kwa heshima. Akaosha kifuniko. Akaosha sufuria ya ndani. Beseni lilikuwa limejaa povu, na akanyoosha mikono kuchukua kitako.

Mama Nukta aliona yote kwa mara moja. Kitako kikizama, chombo cha kampuni kimekufa, na Jumatatu bosi hatasimama tena mlangoni kucheka. Yeye hangekuwa amefanya lolote. Angekuwa amenyamaza tu, na desturi yenyewe inataka watazamaji wanyamaze. Akaona pia vitabu vikienda madukani, mwanamke fulani katika jiko fulani akiosha kitako chake vizuri kama alivyoambiwa, akikifuta, akichomeka waya na mikono bado ina maji. Binti yake mwenyewe alikuwa ameteremka kwenye gunia, amekuja kumshikia baba beseni.

"Weka chini," Mama Nukta alisema. "Kitako usikitie majini."

Mumewe alimkumbusha sheria, hairuhusiwi kueleza. Akamwambia aweke chini kwanza, sheria baadaye. Kisha akamwomba wifi alete kitabu cha asili. Akamwonyesha picha yenye msalaba, na bila kumtazama usoni akamweleza hatua ya nne. Wifi alisikiliza. Alitazama picha, akatazama neno lake, akalifuta, akaandika: "Kitako usikitie majini." Ndipo akainua macho.

"Hii uliijua tangu siku ile," alisema polepole, kaka yake asisikie.

"Niliijua."

Wifi alikwenda kumwaga beseni.

Wikendi nzima Mama Nukta alingoja kusemwa. Aliandaa maneno ya kujitetea, akayapanga na kuyapangua. Jumatatu bosi aliuliza jaribio lilikwendaje, na wifi akajibu mbele ya wote kwamba palikuwa na kosa baya kwenye kusafisha, na wifi yake ndiye aliyelidaka. Akaishia hapo. Bosi akakuna kidevu, akasema basi vitabu vya kampuni ile visitoke bila kupita kwa Mama Nukta, na wifi aendelee kuvisahihisha.

Kiti kilibaki chake. Alikikalia, na hakikuwa na raha aliyoitarajia, kwa sababu sasa alikuwa na jambo jingine la kumwonea wifi yake wivu, na hili halifundishwi kwa kalamu.

Akafungua kitabu na kukisoma upya kutoka mwanzo, akitafuta kosa. Hata moja tu, dogo, la "ya" au la "i". Alipofika mwisho hakuwa amelipata. Akamwita wifi yake, akasogeza kiti chake pembeni ili cha pili kitoshe mezani.

"Njoo na kitabu cha pili," alisema. "Na kile cha asili ukilete. Tunaanza na picha."